Fildi benki: cha kuposti na cha kuandika kwenye ripoti

*"Wakuu, naanza fildi benki wiki ijayo, idara ya mikopo. Nimesainishwa karatasi ya kutunza siri ila imeandikwa kisheria mno. Naruhusiwa kuposti nini? Na ripoti ya chuo nitaiandikaje kama kila kitu ni siri?"*

Mdogo wangu, nipo idara hiyohiyo kwenye benki nyingine, na huwa napokea wanafunzi wa fildi. Kuposti nitakujibu haraka, maana ripoti ndiyo inayowaponza wengi.

Picha ya mezani kwako usipige kabisa. Faili moja la mkopo lina kopi ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, salari slipu, pengine na hati ya nyumba, na kamera za simu za sasa zinanasa hata maandishi ya karatasi iliyo mita mbili nyuma yako. Binti mmoja aliweka selfi kwenye stetasi ya WhatsApp. Nyuma yake kulikuwa na ubao wenye majina ya biashara zilizochelewesha marejesho zaidi ya siku 90. Alipoifuta, mtu alishaihifadhi. Mfanyabiashara mmoja kati ya hao akakuta msambazaji wake hataki tena kumkopesha mzigo.

Kitambulisho cha kazi nacho usikioneshe. Tapeli akishajua jina lako, tawi na idara, anampigia mteja kwa jina lako na anaaminika. Habari za gari la fedha linakuja saa ngapi au nani anashika funguo, hata kwa utani kwenye kundi la darasa, hapana. Kusema "nipo fildi benki fulani, idara ya mikopo" kwa kawaida hakuna shida, lakini muulize msimamizi kwanza.

Sasa ripoti. Wengi wanaamini ukifuta jina la mteja umemaliza. Tuseme umeandika: "Mteja A, mwenye duka la dawa kata fulani, alikopa shilingi 18,400,000 mwezi Machi, akasimama kulipa mwezi Agosti baada ya kuuguza." Jina halipo, lakini kama kata hiyo ina duka la dawa moja, mkazi yeyote wa pale anamjua. Na ripoti inasomwa na mwalimu wako, mara nyingi inabaki maktaba ya chuo, halafu wenzako wanaiazima kama mfano.

Mimi ningekwambia uandike hivi: "Mteja A, mfanyabiashara mdogo wa rejareja, alikopa kati ya milioni 15 na 20, akashindwa kuendelea na marejesho ndani ya miezi sita ya mwanzo kwa sababu za kifamilia." Kata imeondoka, aina ya duka imepanuliwa, kiasi kimekuwa kadirio, majina ya miezi hayatajwi. Alichotaka mwalimu bado kipo, yaani mkopo uliharibika mapema na chanzo hakikuwa biashara yenyewe. Jaribio langu ni kumuuliza karani wa tawi asome aya hiyo. Akisema "aah, huyu si yule wa...", basi rudia kuiandika.

Majedwali yana mtego wake. Kwenye Excel, ukitengeneza pivot kutoka orodha ya wateja halafu ukafuta shiti ya orodha, mara nyingi data yote inabaki imefichwa ndani ya pivot. Mtu akibofya mara mbili kwenye jumla, inafunguka shiti mpya yenye majina na salio. Nimeliona hilo kwenye faili la mwanafunzi aliyekuwa na hakika amesafisha kila kitu. Kopi jedwali lenyewe, fungua faili jipya, bandika kwa `Paste Special`, chagua `Values`. Kazi hiyo ifanyie kwenye kompyuta ya ofisi. Usijitumie orodha kwenye Gmail yako wala kwenye fulashi ili "umalizie nyumbani". Hapo umeshakiuka hata kama hakuna aliyeiona.

Hiyo karatasi uliyosaini ina sheria nyuma yake. Siri za mteja wa benki zinalindwa na Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 2006, na taarifa za watu kwa ujumla na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiisoma tena karatasi hiyo, tafuta mambo mawili: kinahesabika nini kuwa siri, na unabanwa hadi lini. Mara nyingi utakuta hata fildi ikiisha bado umefungwa.

Rasimu mpe msimamizi wa benki wiki mbili kabla ya kuipeleka chuo, siyo jioni ya mwisho, kwa sababu wengine huipeleka kwanza kwa watu wa sheria makao makuu na hao hawana haraka. Akikata kitu, mwombe akuandikie kwa kifupi kwamba sehemu hiyo imeondolewa kwa ajili ya usiri, na uambatanishe. Mwalimu wako akiona hivyo hatakusumbua kwamba ripoti ina mapengo.