RSI, CCI na MFI kwenye chati moja: mashahidi watatu wa nyumba moja

Wadogo zangu, picha za chati mnazonitumia zimeanza kunichosha. Juu bei, chini yake indiketa tatu, RSI, chini tena CCI, chini kabisa MFI, halafu ujumbe: "Kaka, zote tatu zimekubali, niingie?" Bei yenyewe mmeibana mpaka kendo hazionekani. Hao ni mashahidi watatu waliolala nyumba moja na wakala ugali mmoja. Wote wanapikwa kwa bei ileile, kwa hiyo wakisema kitu kimoja, bado mna ushahidi mmoja tu. Nitawaambia ni wapi kila mmoja ana lake la kusema. Ni sehemu chache.

1. CCI siyo RSI yenye namba kubwa.

Kosa lenu la kila wiki ni kuiona +100 na kuuza, kana kwamba ni 70 ya RSI. Donald Lambert alipoitoa CCI mwaka 1980 alifundisha kinyume chake: ikivuka +100 unanunua, ikirudi chini yake unatoka. Haina dari. Kwenye mwendo mkali inafika 250 na kukaa huko, na wewe uliyeuza kwenye 100 unakaa nayo.

Fomula iko hivi:

```
TP  = (H + L + C) / 3
CCI = (TP - SMA(TP)) / (0.015 * MD)
```

TP ni wastani wa bei ya juu, ya chini na ya kufunga ya kendo, na SMA ni wastani wake wa kendo kadhaa. MD ni wastani wa umbali wa TP kutoka kwenye wastani huo. Hapo ndipo penye tofauti ya kweli. Tuseme bei imesogea senti 5 juu ya wastani. Kama soko lilikuwa limelala na MD ni 2, unagawanya 5 kwa 0.03 na kupata kama 167. Kama soko lilikuwa linarukaruka na MD ni 6, senti 5 zilezile zinakupa kama 56 tu. Kwa hiyo CCI inakuambia kama mwendo huu ni mgeni kwa soko hili kwa jinsi lilivyokuwa. Itumie pale bei inapotoka kwenye kimya kirefu. Soko likishashika mwendo, inapanda na kushuka pamoja na RSI na haikuongezei kitu. Ifute.

2. MFI inaishi kwa volyumu, na mimi iliniunguza.

Mnaambiwa MFI ni RSI yenye volyumu. Ni kweli nusu. RSI ya Wilder, ya mwaka 1978, inapima bei imepanda kiasi gani na imeshuka kiasi gani. MFI haijali kiasi. Inauliza tu: TP ya leo iko juu au chini ya jana? Ikiwa juu, TP mara volyumu ya leo yote inaingia upande wa kupanda, hata kama bei imesogea nusu senti. Ikiwa chini, yote inaenda upande wa pili. Volyumu ikiwa sawa kila siku, MFI inakuwa karibu sawa na kuhesabu siku za kupanda kati ya siku 14 za dirisha lake. Yaani inajua kidogo kuliko RSI.

Sasa nisikilizeni. Novemba 2024 nilikuwa nafuatilia kahawa ya arabika kwenye soko la New York. Huku Moshi tuna mnada wetu na kila mtu ana shangazi mwenye miti Kibosho, basi nikajiona mtaalamu. Chati niliyofungua ilikuwa KCZ24, mkataba wa Desemba. Mwishoni mwa Oktoba bei ilikuwa imeshuka, kisha ikaanza kupanda siku baada ya siku. RSI ikapita 70. MFI ikabaki katikati, haipandi. Nikajiambia: bei inapanda bila pesa, wakubwa wanatoka. Nikauza. Bei ikaenda juu. Nikatazama MFI, bado imelala, nikaongeza. Nikasogeza stopu losi, jambo ambalo nyie nawakataza kila siku. Usiku nilikuwa naamka kuangalia simu, na mke wangu akaacha kuniuliza kuna nini. Kabla ya mwezi kwisha akaunti ilikuwa imeungua, na Desemba arabika ikavuka rekodi yake ya mwaka 1977.

Pesa haikuwa imetoka. Ilikuwa imehama. Mkataba wa Desemba ulikuwa unakaribia siku za notisi ya kukabidhi mzigo, na asiyetaka magunia anahamia mkataba wa Machi kabla ya hapo. Volyumu ya KCZ24 ilikuwa inakauka huku ya KCH25, ule wa Machi, ikijaa, na mimi niko kwenye chumba ambacho watu wanaondoka.

Nimewarahisishia hesabu, namba ni za mfano. Siku 6 za kwanza zina mikataba 20,000 kila siku: 4 za kushuka, 2 za kupanda. Siku 8 za mwisho zina 4,000 tu kila siku: 7 za kupanda, 1 ya kushuka. Kwa kuwa TP haibadiliki sana, tuhesabu volyumu peke yake. Upande wa kupanda ni 40,000 na 28,000, jumla 68,000. Upande wa kushuka ni 80,000 na 4,000, jumla 84,000. MFI ni upande wa kupanda kwa jumla yote, 68 kwa 152, karibu 45 kwa mia. Lakini kama kila siku ya kupanda iliongeza senti 3 na kila ya kushuka ilitoa 2, wapandaji wana 27 na washukaji 10, na RSI ya wastani wa kawaida ni 73. Sabini na tatu kwa arobaini na tano! Bei haikuwa na udhaifu wowote. Siku 4 nzito za zamani ndizo zilizokuwa bado zinaongea.

Dawa yake ni nyepesi: weka volyumu yenyewe chini ya bei, na fungua mkataba unaofuata pembeni. Kama mmoja unakauka na mwingine unajaa, MFI ya ule wa kwanza isome kama gazeti la juzi.

3. Forex.

Volyumu ya EURUSD kwenye MT5 yako ni idadi ya mara bei ilivyobadilika kwa dalali wako. Siyo pesa, na dalali wa jirani ana hesabu nyingine. Kwenye M15, chati ya kendo za dakika 15, ni mbaya zaidi: London ikifunguka, saa nne au saa tano asubuhi kwetu kutegemea majira yao, kendo zinakuwa nzito ghafla, na MFI inaziegemea mpaka zitoke kwenye dirisha la kendo 14, saa tatu na nusu baadaye. Umenunua indiketa ya kukuambia saa ngapi.

4. Hisa za Dar es Salaam.

Hapo volyumu ni ya kweli, ila ni nyembamba. Siku moja kifurushi kikubwa cha hisa kilichopangwa kati ya wawili kinapita, na MFI inakaa upande wake siku 14. Siku ya 15 kifurushi kinatoka dirishani na MFI inaruka wakati bei haijagusika. Ukiona mruko wa namna hiyo, rudi nyuma kendo 14 utamkuta mhusika. RSI haina ugonjwa huo, kwa kuwa ya Wilder inasahau polepole.

5. Na wewe uliyenitumia MFI yenye pau za kijani, kahawia, bluu na waridi: hiyo ni Market Facilitation Index ya Bill Williams. Ya kwetu iko kwenye kundi la Volumes, imeandikwa Money Flow Index. Badilisha, halafu nitumie tena chati, safari hii kendo zionekane.