Kodi ya nyumba: dola au kupandisha kila mwaka?

Suali: Asalaam aleykum shekhe. Nna nyumba Mpendae nakodisha laki nne kwa mwezi, mpangaji anataka mkataba wa miaka mitatu. Mume wangu anasema tuandike kwa dola maana shilingi inashuka, mie naona bora tupandishe kila mwaka kufuata bei za vitu. Ipi halali, na tuandikeje?

Jibu: Waaleykum salaam warahmatullah. Dada yangu, dola kwa asili yake si haramu, Ibn Umar alikuwa akiuza ngamia kwa dinari akipokea dirhamu, na Mtume ﷺ akamwambia hapana ubaya ikiwa ni kwa bei ya siku hiyo na hamuachani na kitu kimebaki baina yenu. Lakini kanuni za serikali za 2025 zimekataza kutaja au kulipa bei ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwambie mumeo hilo aliweke pembeni, hata ile ya kuandika dola halafu mkapokea shilingi.

Kupandisha ndo kwenye maneno. Sharti la ijara, yaani mkataba wa kukodisha, ni ujira ujulikane, na sisi Mashafii tumelishika kwelikweli, ndo maana ukiandika "kodi itapanda kulingana na hali ya soko" hapo pana gharar, yaani jambo lisilojulikana mwisho wake, kila mtu ana soko lake kichwani na mtagombana tu. Njia safi kabisa ni mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kila mwaka mnakubaliana upya. Ila mpangaji anataka miaka mitatu, na viwango vya AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, vinaruhusu kodi ibadilike ikiwa ya kipindi cha mwanzo imetajwa kwa tarakimu na ya mbele ina kipimo cha wazi chenye ukomo wa juu na chini, nami siwezi kuwabana kwa hilo. Andikeni hivi:

"Kodi ya mwaka wa kwanza ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Kila mwaka unaofuata itaongezwa kwa asilimia ya mfumuko wa bei wa mwaka, kwa takwimu ya mwisho iliyotangazwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar siku 30 kabla ya mwaka mpya wa mkataba. Ongezeko halitapungua sifuri wala kuzidi asilimia 5. Kodi mpya itaandikwa na kusainiwa kabla ya mwaka kuanza."

Kwa mfano takwimu ikitoka 3.5, mwaka wa pili ni 414,000. Ikitoka 8, unaishia 420,000 na umeridhia tangu mwanzo, usije ukanuna.

Kisha ongezeni sentensi moja ambayo watu wengi wanaisahau: "Kodi iliyokwisha kuwa deni haitabadilika." Mpangaji akikawia miezi miwili ya mwaka wa kwanza akalipa katikati ya mwaka wa pili, anadaiwa 800,000 zilezile, si 828,000, kwa sababu hilo sasa ni deni na deni hulipwa kwa idadi yake, Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la wanazuoni, ilishapitisha hivyo 1988 kule Kuwait. Hizo 28,000 ukizichukua ni riba, hata mpangaji akikupa kwa moyo mkunjufu kwa vile imeandikwa.