Aliyetangulia kurefuka huwahi kusimama: majibu kwa maswali yenu

"Shikamoo daktari. Pacha wangu, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, wametimiza miaka 12. Tangu wadogo walikuwa sawasawa, sasa Kulwa amempita mwenzake vidole viwili. Doto amedumaa?" (Mama Kulwa, Morogoro)

Marahaba, Mama Kulwa. Doto hajadumaa, zamu yake ndiyo haijafika. Kwa msichana, balehe na kurefuka kwa kasi huja pamoja. Matiti yanapoanza kuchomoza, mara nyingi kwenye miaka 10 au 11, miguu nayo imeshaanza kukimbia, na kilele chake huangukia karibu na miaka 12. Kilele ni ule mwaka ambao mtoto anarefuka kuliko mwaka mwingine wowote wa ujana wake. Mvulana huanza kubalehe nyuma kidogo tu ya msichana, lakini mwili wake hauanzii na urefu. Kwanza korodani zinakua, kimyakimya, na mzazi haoni kitu. Kilele kinafika karibu miaka miwili baadaye, kwenye miaka 14 hivi.

Niliwahi kufuatilia pacha wengine, nao wa kike na wa kiume, kila mwaka siku ya kuzaliwa kwao. Msichana alianza kukimbia akiwa na miaka 10 na urefu wa sentimita 138 na nusu. Mwaka uliofuata aliongeza 6 na nusu, kisha 8, kisha 6, kisha 3, halafu vipande vidogovidogo hadi akasimama kwenye 164. Ndugu yake alikuwa anaongeza 5 kila mwaka, taratibu, hadi akafika miaka 12 akiwa na sentimita 149. Siku hiyo dada yake alikuwa na 153, na mama yao aliniuliza swali hilohilo lako. Kisha kijana akaongeza 6, mwaka uliofuata 9, kisha 7, kisha 4. Alimpita dada yake walipokaribia miaka 14, na akasimama kwenye 177 na nusu.

Sasa tazama tofauti yao ya mwisho, sentimita 13 na nusu. Watu hudhani yote inatokana na wavulana kukua kwa nguvu zaidi wakati wa balehe. Tangu walipoanza kukimbia hadi kusimama, dada aliongeza 25 na nusu na kaka 28 na nusu. Hapo tofauti ni 3 tu. Zile nyingine 10 na nusu kijana alizipata kwa kusubiri: alianza mbio zake miaka miwili baadaye, akiwa tayari mrefu kuliko dada yake alipoanza za kwake. Ndivyo ilivyo kwa wavulana na wasichana wengi. Ile miaka miwili ya utoto wa ziada, ambayo wazazi wanaiona kama kuchelewa, ndiyo inayomjenga mwanaume mrefu.

Kwa hiyo usimpe Doto dawa yoyote, na tafadhali usimlinganishe na dada yake mezani. Anasikia.

"Binti yangu amevunja ungo mwezi uliopita, ana miaka 12 na miezi minane. Bibi yake anasema sasa ndiyo ataanza kurefuka. Ni kweli?"

Si kweli, na hili naulizwa kila mwezi. Hedhi ya kwanza ni dalili kwamba kilele kimeshapita, kwa kawaida mwaka mmoja hivi nyuma. Wakati kasi ilikuwa kubwa kabisa, wewe ulikuwa unaona viatu vinabana na sketi ya shule inapanda juu ya magoti. Damu imekuja wakati kasi inashuka.

Haina maana kwamba amesimama. Wasichana wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 baada ya kuvunja ungo, na huzimaliza ndani ya miaka miwili au zaidi kidogo. Aliyevunja ungo mapema, tuseme miaka 11, huwa amebakiwa na nyingi zaidi. Aliyevunja na miaka 14 huwa amebakiwa na chache, kwa sababu nyingi ameshazipata kabla.

Kinachoamua ni estrojeni. Homoni hiyo kwa kiasi kidogo huchochea mifupa irefuke. Kadiri inavyozidi na kukaa muda mrefu, ndivyo inavyokomaza tabaka la gegedu lililo karibu na ncha za mifupa, hadi linageuka mfupa mtupu. Likishafunga, urefu umekwisha. Hata kwa wavulana anayefunga ni estrojeni, si testosteroni moja kwa moja, kwa kuwa mwili wao hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari waliandika habari za mwanamume wa miaka 28 mwenye sentimita 204 ambaye alikuwa bado anarefuka. Mwili wake ulikuwa na estrojeni lakini haukuweza kuisikia, na mifupa yake ilikuwa ya kijana wa miaka 15.

"Dawa gani nzuri ya kuongeza urefu? Ana miaka 15."

Hukuniambia ni wa kike au wa kiume, na kwa swali hili hilo ndilo jambo la kwanza. Msichana wa miaka 15 kwa kawaida amekaribia mwisho, mvulana wa miaka 15 anaweza kuwa katikati ya safari.

Dawa ya dukani ya kuongeza urefu haipo. Naonya hasa kuhusu vidonge na sindano za "kujenga mwili" zinazouzwa mitandaoni na kwenye majumba ya mazoezi. Nyingi ni homoni za jamii ya testosteroni. Kijana akizitumia, miezi ya kwanza anarefuka kweli, mzazi anafurahi na kununua tena. Kumbe gegedu linafungwa kabla ya wakati, na sentimita alizokuwa azipate akiwa na miaka 16 na 17 hatazipata tena.

"Wangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Ameanza matiti na ni mrefu kuliko wote darasani. Nifurahie urefu?"

Usifurahie. Mpeleke hospitali wiki hii, si likizo ijayo.

Msichana akionyesha matiti kabla ya miaka 8, au mvulana dalili za balehe kabla ya 9, hiyo ni mapema mno na inahitaji kuchunguzwa. Kwanza daktari atagusa. Mafuta ya mtoto mnene ni laini, titi linaloanza lina kifundo kigumu chini ya chuchu, mara nyingi kinauma akigongwa. Kisha ataomba picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo chake, ili ausome umri wa mifupa. Mtoto wa miaka 7 akiwa na mifupa ya miaka 10, basi leo ni twiga wa darasa na kesho atakuwa mfupi kuliko wenzake, kwa sababu ameanza mbio zake akiwa bado na sentimita 120 na kitu, na atafunga mapema. Ziko sindano za kusimamisha balehe kwa muda, na faida yake kwa urefu ni kubwa zaidi zikianza mapema. Pia daktari atatafuta kama kuna chanzo kingine nyuma yake.

Na jambo ambalo hukuuliza. Mtoto huyu ana mwili wa miaka 10 na akili ya miaka 7. Watu wazima watamtuma kama mkubwa, watamkaripia kama mkubwa, na wapo wanaume watakaomtazama kama mkubwa. Mwambie mwalimu wake umri wake halisi, na usimwache peke yake na watu kwa kudhani anajua kujilinda.

"Nampima mwanangu kila Jumapili, mwezi mzima haongezeki hata kidogo."

Acha kupima kila Jumapili. Hata kwenye kilele mtoto huongeza chini ya sentimita moja kwa mwezi, na mtu huyohuyo anaweza kuwa mfupi kwa karibu sentimita moja jioni kuliko alivyoamka. Unachokipima hapo ni saa ya siku, si ukuaji.

Mpime mara mbili kwa mwaka, miezi sita katikati, asubuhi, bila viatu, visigino na makalio yameshika ukuta, macho yanatazama mbele. Tumia kitabu chenye jalada gumu, upande mmoja ukutani na mwingine kichwani, si kiganja chako. Kama ni msichana, fumua misuko ya utosini. Nimewahi kuona binti "amekua" sentimita 2 kwa mabutu. Andika tarehe. Vipimo viwili vinanipa kasi, kimoja hakinipi kitu, na wengi wenu mnaniletea kimoja.

"Kijana wangu ana miaka 14 kasoro mwezi, anapenda mpira sana. Kocha amemwondoa kwenye timu ya vijana kwa kuwa ni mdogo wa mwili. Baba yake alirefuka baada ya kumaliza kidato cha nne. Tusubiri au tumpeleke?"

Kwa baba mwenye historia hiyo, inawezekana kabisa kijana amerithi saa ya kuchelewa. Lakini ametimiza umri ambao tunataka kuona kitu, kwa hiyo mpeleke mara moja akaangaliwe. Daktari ana kamba yenye shanga za umbo la yai, za ukubwa tofauti, anazozilinganisha na korodani. Zikifikia mililita 4, balehe imeanza hata kama hana ndevu wala sauti nzito, na kilele kinakuja zikikaribia 10 au 12. Hapo subirini kwa amani. Zikiwa bado chini ya 4 baada ya kutimiza miaka 14, au kama kwa mwaka anaongeza chini ya sentimita 4, achunguzwe damu na eksirei ya mkono. Kwa msichana tunaangalia mapema zaidi: asiyekuwa na matiti hata kidogo akifika miaka 13.

Kuhusu kocha, nimeumia kusoma barua yako. Kwenye uwanja wa watoto wa miaka 13 na 14 kuna kijana aliyemaliza kilele chake na mwingine ambaye hajakianza. Wanaweza kupishana sentimita 20, na wote wakawa na vyeti vya kuzaliwa vya kweli. Anayechagua kwa mwili anachagua aliyebalehe mapema, kisha miaka mitatu baadaye anashangaa mbona wenzake wamemfikia. Tangu Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA hupiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono ili kuwanasa waliodanganya umri. Inachotazama ni kama mfupa umefunga. Mfupa wa kijana wako, kwa maelezo yako, bado uko wazi. Mtafutie timu itakayomchezesha na wadogo wenzake kwa miaka miwili, na akianza kukimbia urefu akalalamika maumivu chini ya goti, pale palipo na kinundu, mpunguzie mazoezi ya kuruka hadi yatulie.