Kamisheni kwa kila mgeni: nani hasa aliyemleta?

"Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Shela, Lamu. Kampuni itakayonitangazia kwenye Google imenipa njia tatu za kuilipa: asilimia 15 ya pesa ya matangazo, shilingi 25,000 kila mwezi, au asilimia 10 ya kila bukingi. Naipenda ya tatu, maana asipokuja mgeni silipi. Je, kuna mtego?"

Upo, ndugu yangu, na nakwambia nikiwa mtu niliyewahi kulipwa hivyo hapa Malindi. Anayelipwa kwa bukingi humwendea kwanza mgeni mwepesi kupatikana, naye ni yule aliyekwisha kuamua kulala kwako. Huyo aliambiwa na rafiki, anaandika jina la nyumba yako, tangazo linamtokea juu kabisa, analibofya na kubuku. Kwenye hesabu, kampuni ndiyo iliyomleta.

Tuseme Desemba wamekuandikia bukingi 20, kila moja shilingi 36,000. Wanakudai 72,000. Kwenye akaunti ya matangazo ya Google, fungua `Search terms`, orodha ya maneno waliyotafuta watu, utazame safu ya `Conversions`, yaani bukingi zilizotokana na kila neno: 14 zimetokana na jina lako. Ikiwa hao wangekuja hata bila tangazo, wageni wapya ni 6 tu, na kila mmoja amekula kamisheni ya 12,000, theluthi ya alicholipa. Pesa ya Google bado.

Nasema "ikiwa" kwa sababu tovuti za kubuku nazo huweza kutangaza kwa jina lako, zikamchukua mgeni huyo na kukukata kamisheni yao. Kwa hiyo jaribu: simamisha matangazo ya jina kwa mwezi mmoja, kisha hesabu bukingi zote, za simu na WhatsApp pia, ulinganishe na mwezi kama huo mwaka uliopita. Wiki moja haitoshi kwa vyumba sita. Google nayo haionyeshi maneno yote yaliyotafutwa, basi usishangae jumla zisipolingana.

Jambo jingine: masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni huadimika, na kampuni ya kamisheni hukuacha ukielea.

Asilimia ya matumizi ina ila yake. Ukitumia 60,000 wanapata 9,000. Wakikuondolea matangazo mabovu ya 20,000, wamejipunguzia 3,000. Nani atajikata mkono? Ada ya mwezi huzaa uvivu tu, na uvivu huonekana: kwenye `Change history`, mwezi mzima bila badiliko ni jibu tosha.

Mimi ningechukua hiyo 25,000, niwaongezee asilimia 5 kwa mgeni aliyetafuta bila jina langu, na ilipwe akishalala, si akibuku, maana wengine hughairi. Akaunti ya matangazo ifunguliwe kwa barua pepe yako. Wakikataa hilo la akaunti, usitie saini.