Kubloku au kuripoti spamu: imeli ya mgeni inapotelea wapi

Nyumba nyingi za wageni hapa Bagamoyo ofisi yake ni simu ya mapokezi. Gmail ni moja, wanaoishika ni watatu kwa zamu, na kila asubuhi aliye zamu anafagia matangazo kabla ya kuanza kujibu wageni. Katika kufagia huko, mmoja anabonyeza Block, mwingine Report spam, wakiamini ni kitu kilekile. Sivyo, na tofauti yake huonekana wiki kadhaa baadaye.

Block ni amri juu ya anwani moja, herufi kwa herufi. Ukibloku ofa@example.com, kila imeli itakayotoka kwenye anwani hiyo kuanzia hapo itaingia folda ya Spam. Zilizokwisha kufika zinabaki zilipo. Aliyetuma hapewi taarifa wala imeli hairudishwi kwake, kwa hiyo yeye anajua imefika. Watu wengi huchanganya hapa kwa sababu ya mazoea ya WhatsApp: kule ujumbe uliotumwa wakati umembloku mtu haukufikii kamwe, hata ukimfungulia. Gmail inaupokea, inauweka Spam, na baada ya siku 30 inaufuta.

Kwa mtu mmoja msumbufu anayetumia anwani ileile, Block inatosha kabisa. Kwa tapeli haisaidii sana, maana kesho atakuja na ofa2@example.com na kwa Gmail huyo ni mtu mpya.

Report spam inahusu ujumbe wenyewe. Imeli inahamia Spam papo hapo, nakala yake inakwenda Google kuchambuliwa, na kichujio kinajifunza kutokana nayo. Baada ya hapo imeli zinazofanana nayo huwa rahisi zaidi kuangukia Spam, hata zikitoka anwani nyingine ya kampuni hiyohiyo. Ila haya ni makadirio ya kichujio, si amri, hivyo nyingine bado zitapenya.

Ripoti yako pia inamgusa mtumaji. Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma imeli zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wahakikishe ripoti za spamu hazifiki 0.3%, yaani 3 kati ya 1,000. Kwa hiyo wakala uliyempa anwani kwa hiari yako usimripoti kwa sababu tu matangazo yamekuchosha. Bonyeza Unsubscribe, watumaji wakubwa wa matangazo wanatakiwa kukutoa ndani ya siku 2. Tapeli ndiye wa kuripoti, na kwake usiguse kiungo chochote kilicho ndani ya ujumbe.

Chukulia wakala anatumia anwani mbili, ofa@example.com kwa matangazo na booking@example.com kwa nafasi zilizolipiwa. Jumatatu mtu wa mapokezi anaripoti tangazo. Siku kumi baadaye familia ya watu wanne inashuka na mabegi, uthibitisho wanao kwenye simu yao, na kwenye kikasha chenu hakuna kitu. Mnatafuta jina la mgeni, halionekani. Utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii ndani ya Spam, kwa hiyo andika hivi kwenye sehemu ya kutafutia:

```
in:spam from:example.com
```

Ikitokea, ifungue usome maelezo yaliyo juu yake, kwani Gmail hueleza kwa nini imeiweka huko. Ikisema mmembloku mtumaji, fungua Gmail kwenye kompyuta, nenda Settings, See all settings, kisha Filters and Blocked Addresses, umfungulie. Kufungulia hakurudishi zilizokwisha kuingia Spam. Kila moja ibonyezee Not spam. Kumbuka pia kwamba block ni ya akaunti, si ya simu. Aliyebloku usiku kwenye simu yake amewabloku wote wa zamu ya asubuhi.

Ikisema inafanana na imeli zilizoonekana kuwa spamu, bonyeza Not spam, kisha itengenezee kichujio: palepale kwenye Filters and Blocked Addresses chagua Create a new filter, andika booking@example.com kwenye From, endelea kwa Create filter, weka tiki kwenye Never send it to Spam, uhifadhi. Apu ya simu haina sehemu hii, itabidi utumie kompyuta.

Andika anwani nzima, usiandike example.com peke yake. Kichujio hiki kinafungua mlango, na tapeli anayejifanya wakala huyo anaweza kupita humohumo. Kwa hiyo imeli yoyote itakayodai akaunti ya benki imebadilika, hata ikiwa ndani ya kikasha, mpigie wakala kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani kabla ya kutuma hata shilingi.