"Mstari usioguswa"

*Mwalimu, darasani kwetu asimptoti tunaiita "mstari usioguswa". Mwenzangu anasema jina hilo limekosewa. Nani yuko sahihi?*

Mwenzako. Nami nimeshika kisu tayari, maana jina hilo limeniharibia madaftari mengi mno ya wanafunzi.

Asili ya neno ni Kigiriki, lenye maana ya "visivyokutana". Apolonio wa Perga alilitumia alipoandika juu ya haipabola, na kwenye haipabola ni kweli tupu: mkunjo unausogelea mstari na haukutani nao. Kosa ni kulichukua sharti la mkunjo mmoja na kuzivisha grafu zote.

Chukua funksheni hii, ambayo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu:

```
f(x) = (x² - x - 6) / (x² - 1)
```

Anza kwa kutafuta vigawo. Kiasi ni (x − 3)(x + 2), asili ni (x − 1)(x + 1). Hakuna kigawo kinachojirudia juu na chini, kwa hiyo asili inapokuwa sifuri tunapata asimptoti za wima mbili: x = 1 na x = −1. Kama kigawo kingejirudia, kama katika (x² − 1)/(x − 1), pale x = 1 pangekuwa na tundu tu kwenye grafu, si asimptoti. Ndiyo maana vigawo hutangulia.

Grafu inakata mhimili wa x pale kiasi kinapokuwa sifuri, yaani x = 3 na x = −2. Inakata mhimili wa y pale x = 0: −6 ukigawanya kwa −1, jibu ni 6. Asimptoti ya mlalo ni y = 1, kwa kuwa kipeo kikubwa juu na chini ni kilekile na kila x² ina kizidishi 1.

Hapa ndipo "usioguswa" linapomponza mwanafunzi. Anachora y = 1 kwa nukta nukta, kisha anaukwepa kama uzio wa miiba. Muulize: f(x) inakuwa 1 lini? x² − x − 6 = x² − 1. Zile x² zinafutana, inabaki −x = 5, basi x = −5. Hakiki: 25 + 5 − 6 ni 24, na 25 − 1 ni 24. Grafu imepita juu ya mstari "usioguswa" mchana kweupe, na wala haikuugusa tu, imeukata!

Sasa ichore. Ukitokea mbali kushoto, mkunjo uko juu kidogo ya y = 1. Unapanda polepole hadi karibu 1.05, pale x inapokaribia −9.9, kisha unashuka, unaukata mstari kwenye −5, unakata mhimili wa x kwenye −2, na unazama chini bila kikomo ukiusogelea x = −1. Katikati ya asimptoti mbili za wima, kiasi na asili zote ni hasi, kwa hiyo grafu iko juu, kama bakuli. Usidhani kitako cha bakuli ni ile nukta ya 6; kipo kushoto kidogo, karibu na x = −0.1, kwenye kimo cha 5.95 hivi. Kulia kwa x = 1 unaanzia chini kabisa, unapanda, unakata mhimili kwenye 3, kisha unausogelea y = 1 kwa chini. Jaribu x = 10: 84/99, kasoro kidogo ya 1.

Mwanafunzi aliyekatazwa kugusa hawezi kuchora kipande cha kushoto. Ana −2 inayomtaka awe chini ya y = 1, na x = −10 inayompa 104/99, juu yake. Hapo hufuta, hukokotoa upya, na mwisho huzilaumu namba zake ambazo hazina kosa. Mimi nalilaumu jina.

Nakubali jambo moja: kwa asimptoti ya wima jina linasimama, kwa sababu pale x = 1 funksheni hii haina thamani yoyote, hivyo hakuna nukta ya kugusia. Asimptoti ya mlalo, na ile ya mshazari, inaeleza tu grafu inaelekea wapi x inapokwenda mbali sana. Katikati ya safari haikatazi kitu.

Kiswahili tayari kina kitenzi kinachofaa, nacho ni *kukaribia*. Anayekaribia mji hajaapa kutouvuka. Sema "mstari unaokaribiwa", au liache "asimptoti" lilivyo, limeshazoeleka. "Usioguswa" lifute ubaoni kesho asubuhi, na chini yake uandike x = −5.