Mkia na masikio ya Doberman

"Watoto wangu wa Doberman hapa Nakuru wana siku nne. Niwakate mikia sasa, na masikio baadaye?"

Usiwakate, ndugu yangu. Wanaotetea kukata kwa kuwa mkia mrefu huumia wana nusu ya ukweli, kwani utafiti wa Uingereza ulikadiria kwamba mbwa wapatao 500 wangekatwa mikia ili kumkinga mmoja asiumie mkia. Hasara kubwa ni mawasiliano: katika jaribio la mbwa wa roboti, mbwa wenye umbo kubwa walimkaribia zaidi alipotikisa mkia mrefu kuliko alipoutuliza, lakini mkia ulipokuwa mfupi hawakuonyesha tofauti hiyo. Masikio hukatwa baadaye, mtoto akiwa na wiki kadhaa, na kidonda huuma kwa siku nyingi. Uingereza imepiga marufuku kukata masikio kwa urembo, ilhali majimbo mengi ya Marekani huruhusu.